Ujumbe mfupi kwa mlezi wako wa kikazi mliyekosana

Watu wengi waliokosana na aliyewalea kikazi hukwama mahali pamoja. Usiku wanaandika aya sita, asubuhi wanazisoma, wanaona haya, wanafuta. Miezi inapita, wanaanza upya. Si kwamba hawajui kuandika. Wameutwisha ujumbe mmoja kazi nyingi mno: kuomba radhi, kueleza upande wao, kupima kama mwenzao bado ana hasira, na kuomba mambo yarudi kama zamani. Ujumbe wa kwanza una kazi moja tu, nayo ni kumfikishia mtu kauli iliyokamilika hata kama hataijibu kamwe. Ukilishika hilo, maneno yanapungua yenyewe.

Nitaeleza hatua kwa hatua nikitumia kisa kimoja cha kubuni. Mhandisi kijana wa majengo alilelewa kazini kwa miaka minne na mhandisi mkuu. Siku moja, kwenye kikao na mteja, kijana alisema mbele ya wote kwamba mkuu wake amekosea hesabu za mzigo wa sakafu. Na kweli zilikuwa zimekosewa. Mkuu alinyamaza, kisha baada ya kikao akamwambia kwenye korido kwamba hana adabu. Usiku ule kijana akamtumia ujumbe mrefu wa WhatsApp, akafukua na manung'uniko ya miaka yote. Baada ya mwezi akahamia ofisi nyingine. Sasa imepita miaka miwili bila hata salamu.

Hatua ya kwanza: jua mlikosana au mliachana tu

Mwaka 1983 mtafiti wa Marekani, Kathy Kram, alichapisha uchunguzi wake juu ya uhusiano wa walezi na wanaolelewa kazini. Aliuona ukipita vipindi vinne: kuanza, kukua, kutengana na kuundwa upya. Kutengana kumo katika mwendo wa kawaida. Anayelelewa akishaweza kusimama mwenyewe hujivuta kando, na mlezi anaweza kujiona ametupwa hata kama hakuna aliyemkosea mwenzake.

Kwa hiyo jaribu kutaja tukio. Siku gani, neno gani, mbele ya nani? Ukikosa tukio la kutaja, huenda hamkugombana. Hapo usiombe radhi, tuma salamu tu na umjulie hali. Kumwomba radhi mtu ambaye hakuwa na kinyongo humfanya aanze kujiuliza ulimfanyia nini nyuma ya mgongo wake.

Kuna na aina ya tatu. Kama huyo mlezi ndiye aliyekudhulumu, labda aliichukua kazi yako akaiwekea jina lake, alikunyima malipo, au alikutaka kimapenzi ukakataa ndipo akakugeuka, mwongozo huu haukuhusu. Huna deni la ujumbe kwake. Hamu ya kuandika ikikujia, zungumza kwanza na mtu unayemwamini ambaye hafanyi kazi naye.

Hatua ya pili: jiulize unahitaji nini kwake sasa

Hapa ndipo ujumbe mwingi unapoharibika kabla haujaandikwa. Kama mwezi huu unatafuta barua ya kukudhamini kwa ajili ya kazi au masomo, na yeye ndiye mtu uliyemfikiria, usimwandikie ujumbe wa kupatana. Itafute barua hiyo kwa mtu mwingine. Hata ukiliacha ombi lenyewe kwa wiki tatu kwanza, siku utakapolileta atarudi kuusoma ujumbe wako wa mwanzo kwa jicho jingine, na radhi yako itageuka kuwa chambo.

Mimi kipimo changu ni miezi sita. Kama naona ndani ya miezi hiyo nitamwomba kitu chochote, naahirisha kuandika. Wapo watakaosema huko ni kujibana kupita kiasi, lakini mtu mzima aliyelea vijana wengi ameshazizoea salamu zenye mkia, na huutambua mkia mapema kuliko unavyodhani.

Hatua ya tatu: tenga kosa lako na yale uliyokuwa sahihi

Kwanza andika yote, bila kujizuia, ila uandike kwenye karatasi. Usiandikie ndani ya uwanja wa mazungumzo yenu, maana kidole huteleza, na hata kisipoteleza, yeye akiwa amefungua mazungumzo hayo ataona kwamba unaandika, kisha kimya, kisha unaandika tena.

Karatasi ya kijana wetu ilitoa mambo matatu. La kwanza, hesabu zilikuwa na kosa. La pili, alilisema mbele ya mteja badala ya kumfuata mkuu wake faragha. La tatu, ujumbe wa usiku. Katika la kwanza alikuwa sahihi, tena usalama wa watu ulihusika. Katika la pili na la tatu alikosea.

Sasa afanye nini na zile hesabu? Asizitaje kabisa. Akiandika “ingawa hesabu zilikuwa na makosa”, mkuu atayaona maneno hayo tu, na mengine yote yatafifia. Akiandika “nilikosea kuzitilia shaka”, atakuwa amesema uongo, na mkuu, ambaye bila shaka alizirekebisha baadaye, ataujua uongo huo mara moja. Kulinyamazia ambalo ulikuwa sahihi si kulikana. Ni kuamua tu kwamba hili silo lililokufanya uandike.

Yaliyobaki ni mawili, na kwa kuwa yametokana na siku moja, yanaweza kukaa pamoja. Yangekuwa ya nyakati mbalimbali ningemshauri achague moja, lile ambalo mwenzake akifumba macho ndilo linalomrudia. Ujumbe unaoorodhesha makosa matano humchosha msomaji, tena humkumbusha hata yale aliyokwisha kuyasahau.

Hatua ya nne: sentensi tano

Mwaka 2016 Roy Lewicki wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na wenzake walichapisha majaribio juu ya radhi. Waliwapa watu visa vya kubuni vya kikazi, na radhi zilizochanganywa kwa namna mbalimbali kutoka sehemu sita: kuonyesha majuto, kueleza sababu, kukubali kwamba kosa ni lako, kuahidi kutorudia, kujitolea kurekebisha, na kuomba kusamehewa. Kilichoonekana kuwa na uzito kuliko vyote ni kukubali kosa. Kilichokuwa na uzito mdogo kuliko vyote ni kule kuomba usamehewe.

Kwetu hilo lina faida kubwa, kwa sababu ombi la kusamehewa ndilo linalomdai mwenzako jibu. Ukiliondoa, ujumbe unakuwa mwepesi kwake na haupungukiwi kitu. Kusema “naomba radhi” kunatosha, kwani hapo umeshusha lako chini. “Tafadhali niambie kama umenisamehe” ni kumkabidhi kazi.

Ninazopendekeza ni sentensi tano, sita zikizidi, zisizopita maneno themanini. Anza na salamu na jina la heshima ulilokuwa ukimwita kabla ya ugomvi. Kama ulimwita Mwalimu, mwite Mwalimu. Ukishuka hadi “Ndugu” ataona bado umenuna, na ukimpandisha hadi “Mheshimiwa” ataona unamdhihaki. Kisha taja tukio kwa maneno machache, ajue mara moja unazungumzia nini. Kisha kosa lako, kwa kitenzi cha wazi kinachoanza na “ni” ya nafsi yako: nilikusahihisha, nilikutumia, niliondoka. Kisha jambo moja alilokufundisha ambalo bado unalifanya. Mwisho mwachie nafasi ya kutojibu.

Hii ndiyo rasimu ya kwanza ya kijana wetu, nayo inafanana na rasimu za wengi:

> Shikamoo Mhandisi. Natumaini u mzima pamoja na familia. Najua ni muda mrefu na pengine hutaki hata kuliona jina langu. Kama nilikukosea kwa namna yoyote naomba unisamehe. Siku ile nilikuwa na msongo, na kusema kweli nilishakudokezea zile hesabu kabla ya kikao lakini hukunisikiliza. Hata hivyo yamepita. Ukimya wetu umeniumiza sana. Naomba tukutane wiki hii tuyamalize. Nasubiri jibu lako.

Kila sentensi hapo ina nia njema, na karibu kila moja ina mwiba. “Pengine hutaki hata kuliona jina langu” inamlazimisha akane au akubali. “Kama nilikukosea” inalirudisha shauri mezani, kana kwamba bado haijajulikana nani alifanya nini. Kuhusu ile ya kutosikilizwa, hata kama ni kweli, huo ni ugomvi ule ule umeanza tena. “Ukimya wetu umeniumiza” inamfanya yeye awe wa kukubembeleza. Na mkutano wa wiki hii ni amri iliyovaa ombi.

Rasimu ya pili ilikuwa nzuri zaidi, ila ilikuwa na kasoro moja iliyojificha. Katika sentensi ya shukrani aliandika kwamba mpaka leo haweki saini kwenye hesabu kabla ya kuzilaza na kuzipitia tena kesho yake, kama alivyozoeshwa. Ni kumbukumbu nzuri na ya kweli. Lakini ugomvi ulianzia kwenye hesabu! Mkuu angeisoma kama kijembe: umenifundisha kupitia hesabu mara mbili, wewe mwenyewe ulipitia mara ngapi? Ndiyo maana sentensi hii ichunguzwe kuliko zote. Jambo unalolishukuru liwe dogo, la kweli, na lisipite karibu na kidonda. Tena lisiwe la jumla mno, kwa sababu “kila ninachojua umenipa wewe” ni sifa ambayo mtu yeyote anaweza kumpa mtu yeyote.

Hii ndiyo iliyotumwa:

> Shikamoo Mhandisi, nakuandikia kuhusu siku ya kikao na mteja. Nilikusahihisha mbele ya watu badala ya kukufuata faragha, na usiku ule nilikutumia ujumbe uliokosa adabu. Makosa hayo ni yangu, na naomba radhi. Mpaka leo siufungui mchoro kabla sijafika mwenyewe eneo la ujenzi, kama ulivyonizoesha. Si lazima unijibu, nilitaka tu hili likufikie. Nakutakia afya njema.

Haina sababu wala maelezo, na haimtaji yeye popote kama mtu aliyekosea. Soma tena ukijiuliza: asipojibu, kuna kitu kimebaki kinaning'inia? Hakuna.

Kabla ya kutuma, ukiweza mpe mtu mmoja ausome, asiyemjua mlezi wako. Usimwulize kama ni mzuri, atasema ni mzuri. Mwulize: “Ungekuwa wewe umeupokea, ungehisi unatakiwa kufanya nini?” Akisema “kumpigia” au “kujieleza”, kuna sentensi bado inadai.

Hatua ya tano: njia na saa

Kama mligombana kwa maandishi ya WhatsApp, kumbuka kwamba ukiandika pale pale ujumbe wako mpya utakaa chini kabisa ya ule wa zamani. Atakapoufungua, matusi yako ya miaka miwili iliyopita yatakuwa inchi moja juu ya radhi yako. Kijana wetu kwa sababu hiyo alitumia barua pepe, akaweka kichwa cha “Salamu kutoka kwa” na jina lake kamili. Ujumbe wa kawaida wa simu nao unafaa, ila tia jina lako mwishoni, kwani huenda namba yako haimo tena kwenye simu yake.

Ujumbe wa sauti siushauri. Hauwezi kupitiwa kwa jicho kabla ya kuamua kuusikiliza, sauti hutetemeka au hujikausha, na mtu anaweza kujikuta anakusikiliza akiwa kati ya watu. Simu ya ghafla ni mbaya zaidi, maana inamtaka awe na msimamo papo hapo.

Ukigundua amekufungia, usitafute namba nyingine ya kumfikia. Amekwisha kujibu.

Kuhusu saa, asubuhi ya siku ya kazi ni salama. Usiku epuka, hasa kama kosa lenyewe lilitumwa usiku. Epuka pia siku zake kubwa. Akiwa amefiwa, tuma pole peke yake bila neno la yaliyopita, kwa sababu msiba wake si nafasi yako. Akiwa amepandishwa cheo wiki hiyo, ngoja wiki kadhaa, la sivyo radhi yako itanuka cheo.

Wengi wanaokwama hapa huogopa kwamba watamkera. Mwaka 2022 Peggy Liu na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba anayemtafuta mtu waliyepoteana hukadiria chini furaha ya anayetafutwa, na pengo hilo huongezeka pale mawasiliano yanapokuja bila kutarajiwa. Majaribio hayo hayakuhusu watu waliogombana, kwa hiyo usiyachukue kama dhamana. Ila yanakuonyesha kwamba hofu yako si kipimo kizuri cha namna atakavyoupokea.

Hatua ya sita: baada ya kutuma

Ukishatuma, usiuhariri wala usiufute. WhatsApp huacha alama ya ujumbe uliohaririwa na ya uliofutwa, na ujumbe uliofutwa huzua maswali kuliko hata ujumbe mbaya. Usiongeze wa pili “kufafanua”.

Jibu linalowasumbua watu kuliko yote si la hasira, ni fupi: “Marahaba. Nimepata. Asante.” Wanalichambua siku nzima wakitafuta ubaridi. Mimi nalihesabu kuwa jibu zuri. Mtu aliyeshikwa ghafla, ambaye pengine naye anajua kwamba alikuwa na lake siku ile, amejibu kwa heshima bila kujifunga. Jibu nawe kwa mstari mmoja, “Nashukuru, Mhandisi”, kisha acha. Usiseme “basi ningependa tuonane”. Yeye akitaka kusogea, ataanza na jambo dogo la kikazi: atakuuliza uko ofisi gani, au atakutumia tangazo la mafunzo. Hapo itikia lile alilouliza, kwa urefu ule ule alioutumia.

Jibu la hasira linahitaji subira zaidi, maana huenda likaja na orodha, na baadhi ya yaliyomo yakawa si kweli. Ngoja kesho yake. Kisha: “Nimekusoma, Mhandisi. Nashukuru kwa kunieleza.” Huna haja ya kukubali usilolifanya, wala ya kulipinga. Akikutukana, huna haja ya kujibu kabisa.

Akijibu kwa uchangamfu na kusema naye alikosea, usimwambie “hapana, Mhandisi, hukukosea kitu”. Unamnyang'anya alichokuja nacho. Sema “nashukuru sana kwa kulisema hilo”, na iishie hapo.

Na ukimya? Usimfuatilie wiki mbili baadaye kumwuliza kama aliupata. Usimtume mtu amwulize, wala usiweke maneno ya mafumbo kwenye ukurasa wako yanayomlenga. Baada ya mwaka au zaidi, likitokea jambo la kweli, kama msiba au kustaafu kwake, unaweza kutuma pole au hongera ya mstari mmoja isiyougusa ujumbe wa kwanza. Zaidi ya hapo unakuwa unamsumbua.

Mkija kurudiana, msitegemee kilekile cha zamani. Kipindi cha mwisho alichokieleza Kram, cha kuundwa upya, mara nyingi huwaleta wawili hao karibu na usawa: ushauri unapungua, mazungumzo ya watu wa taaluma moja yanaongezeka. Kijana wetu akianza tena kumpelekea kila mchoro aukague ili kuthibitisha utii wake, atamchosha mkuu na kujirudisha mwenyewe alikokwisha kutoka.

Limebaki lile la kukutana ana kwa ana kabla hajajibu, kwenye mkutano wa wahandisi au mazishi ya mwenzenu. Msogelee mapema, kabla hamjaanza kukwepana macho, mwamkie kama ulivyokuwa ukimwamkia, muulize hali yake, na usiutaje ujumbe. Akiwa na watu, mwamkie na wao, kisha jiondoe. Akiutaja yeye, sikiliza mpaka amalize, hata kama itachukua muda na chai inapoa. Akianza kuzungumzia zile hesabu za sakafu, na huenda akaanza, mwache yeye ndiye aseme zilikuwaje.